Barua ya kumwalika imamu darasani, na maswali ya wanafunzi yanayokwenda nayo

*Swali: Mimi ni mwalimu wa Darasa la Tano katika shule ya msingi ya serikali, Tanga. Nina wanafunzi 58, Waislamu na Wakristo. Nataka kumwalika imamu wa msikiti ulio jirani na shule aje awaeleze kuhusu mfungo wa Ramadhani. Muhula uliopita tulimwalika mchungaji kwa barua iliyosema aje "kutoa nasaha kwa wanafunzi". Alihubiri saa nzima na maswali ya watoto hayakuulizwa. Safari hii barua niiandikeje, na maswali niyaweke wapi?*

Mwalimu, mchungaji wenu alifanya alichoombwa. Mtumishi wa dini akiandikiwa aje kutoa nasaha, bila kupewa muda wa kumaliza wala swali hata moja, atasimama mbele ya watoto kama anavyosimama mbele ya waumini wake. Imamu naye akipokea barua ya namna hiyo atatoa mawaidha. Kwa hiyo maswali yaandaliwe kabla ya barua, yaambatishwe nayo, na barua yenyewe iseme kwamba sehemu kubwa ya muda ni ya kuyajibu.

Anza na siku, maana ukikosea siku barua nzuri haitakusaidia. Mlete imamu wiki moja au mbili kabla ya Ramadhani, ndani ya mwezi wa Shaabani. Ndani ya Ramadhani yenyewe anaswalisha tarawehe usiku, anaamka kwa daku, na wengi wana darsa za mchana pia. Faida ya pili ni kwamba watoto wataanza mwezi wakiwa wameshaelezwa, na waliyoyasikia watayaona kwa macho mtaani. Ijumaa usiiguse, kwa sababu ya khutba na swala ya Ijumaa. Jumatatu na Alhamisi zinafaa kwa kazi, ila ni siku za saumu ya sunna, na katika Shaabani wako wengi wanaozifunga. Mtamwandalia chai asiyoweza kuinywa. Kwa hiyo chagua Jumanne au Jumatano. Saa nzuri ni 4:30 hadi 5:50 asubuhi: ni vipindi viwili vya dakika 40, watoto wameshapata mapumziko, na adhuhuri haijaingia, hivyo mgeni haangalii saa akihofia jamaa wanaomsubiri msikitini.

Maswali yanahitaji kipindi kimoja kizima, siku tatu au nne kabla ya kuandika barua. Mpe kila mtoto kipande cha karatasi, aandike swali moja tu, bila jina. Jina likikosekana ndipo yanapotoka maswali ya kweli, hasa kwa watoto wa Kikristo wanaoogopa kuonekana wajinga na watoto wa Kiislamu wanaoona aibu kuuliza jambo wanalodhaniwa kulijua. Utakuwa na karatasi 58. Zisome kwa sauti pamoja na darasa na mzipange mafungu: daku na futari, watoto na wagonjwa, mwezi kuandama, zaka na Idi, na fungu la mwisho la maswali yanayogusa dini mbili kwa pamoja. Yanayofanana unganisheni. Utashangaa jinsi 58 yanavyoshuka haraka hadi ishirini na kitu.

Kutoka hapo chagueni 12. Nitakuonyesha hesabu baadaye, lakini jua tu kwamba maswali 20 hayaingii katika vipindi viwili, na watoto wanane waliojiandaa wakakosa nafasi watakumbuka hilo kuliko watakavyokumbuka somo.

Kuchagua ndiyo kazi yenyewe, na hapa nakushauri usiharakishe. Swali ambalo jibu lake limo katika kitabu cha darasa, kama idadi ya nguzo za Uislamu, litolewe. Hakuna sababu ya kumtoa mtu msikitini aje aseme "tano". Swali linaloanza na "ni nini" kwa kawaida huleta mhadhara, kwa hiyo ligeuzwe liulize jambo linalotendwa. Mtoto akiandika "Ramadhani ni nini?", mwulize anataka hasa kujua nini, na mara nyingi atakwambia anataka kujua imamu anafanya nini siku nzima. Basi aandike hivyo: siku ya kwanza ya Ramadhani unaamka saa ngapi, na unafanya nini mpaka usiku?

Maswali ya ndiyo na hapana hukatisha mazungumzo, ila si yote. "Mtu akisahau akanywa maji, saumu yake imeharibika?" ni la ndiyo au hapana, lakini nyuma yake ipo kanuni nzima kuhusu kukusudia na kusahau, na hakuna mtoto aliyewahi kufunga ambaye halijamhusu. Hilo libaki kama lilivyo.

Fungu linalohitaji mkono wa mwalimu ni lile la mwisho. Lazima litatokea swali kama "Kwa nini Wakristo hawafungi?" Lina makosa mawili. Kwanza si kweli, kwani Wakristo wengi hufunga, na Kwaresima ya siku 40 ni mfano ulio karibu na watoto hao. Pili linamtaka imamu aisemee dini isiyo yake, na jibu lolote atakalotoa litamuudhi mzazi fulani. Mwambie mtoto, mbele ya wenzake, kwamba swali lake ni zuri ila linakwenda kwa mtu mwingine, kisha liandike kwenye daftari la maswali ya mchungaji au padri atakayefuata. Swali la "dini ipi ni ya kweli" nalo liondolewe, na watoto waelezwe sababu: mgeni anakuja kueleza Waislamu wanaamini na kutenda nini, hajaja kuamua kesi.

Usiondoe maswali magumu yanayohusu Waislamu wenyewe. Katika mitaa yetu watoto wanaona kabisa kwamba nyumba moja imeanza kufunga leo na ya jirani itaanza kesho, kwa sababu wako wanaofuata tangazo la Mufti kuhusu mwezi ulioonekana nchini, na wako wanaofuata mwezi popote ulipoonekana duniani. Mtoto ataandika "Kwa nini Waislamu wanagombana kuhusu mwezi?" Toa neno la kugombana, uliza mwezi unajulikanaje umeandama, na kwa nini wakati mwingine majirani wanaanza siku tofauti. Imamu aliyelisoma swali hilo wiki tatu kabla atalijibu kwa utulivu. Asiyelitarajia anaweza kujikuta anatetea upande mmoja mbele ya watoto ambao baba zao wapo upande mwingine.

Lipo jingine la kuangalia kwa upole. Katika karatasi 58 unaweza kukuta "Mama hafungi siku zingine, kwa nini?" Mtoto hana nia mbaya, lakini swali likisomwa hivyo linafichua mambo ya nyumbani kwao, na darasa lenye wasichana wa miaka 11 litaanza kucheka. Liandikwe kwa wote: ni watu gani wanaruhusiwa kutofunga, na zile siku wanazilipaje? Imamu atajibu kuhusu mgonjwa, msafiri, mjamzito, anayenyonyesha na mwanamke aliye katika siku zake kwa lugha anayoitumia kila mwaka, na yule mtoto atapata jibu lake bila kujulikana.

Zaidi ya hapo usiyasafishe maswali yakawa ya mtu mzima. Sahihisha tahajia, acha sauti ya mtoto. Haya ndiyo maswali 12 yanayoweza kutoka katika darasa kama lako, na mpangilio wake una sababu:

1. Siku ya kwanza ya Ramadhani unaamka saa ngapi, na unafanya nini mpaka usiku?
2. Kwenye daku mnakula nini ili njaa isiwahi kuuma?
3. Kwa nini watu wengi wanaanza kufuturu kwa tende?
4. Mtoto anaanza kufunga akiwa na umri gani, na akishindwa mchana inakuwaje?
5. Mtu akisahau akanywa maji, saumu yake imeharibika?
6. Ni watu gani wanaruhusiwa kutofunga, na zile siku wanazilipaje?
7. Mbali na chakula na maji, mtu aliyefunga anaacha nini kingine?
8. Mnajuaje kuwa mwezi umeandama, na kwa nini wakati mwingine majirani wanaanza kufunga siku tofauti?
9. Tarawehe ni swala ya namna gani, na kwa nini inachukua muda mrefu?
10. Zaka ya fitri inatolewa nini, kiasi gani kwa kila mtu, na anapewa nani hapa mtaani?
11. Mtu asiye Mwislamu akialikwa nyumbani siku ya Idi, afanye nini na aepuke nini?
12. Rafiki yangu amefunga. Nikila mbele yake wakati wa mapumziko ninamkosea?

Matatu ya mwanzo ni mepesi na yanamfungua mgeni. Ya nne hadi ya saba yanagusa maisha ya watoto. La nane, lililo gumu, linakuja wakati imamu ameshazoea darasa na bado muda upo. La 12 linakaa mwisho kwa sababu ndilo litakalofanyiwa kazi wiki mbili baadaye uwanjani, na ni vizuri watoto watoke nalo masikioni.

Sasa barua. Isainiwe na mwalimu mkuu, iwe na muhuri wa shule, na isizidi ukurasa mmoja. Maswali yawe kwenye ukurasa wa pili. Imamu huenda akataka kuionyesha kamati ya msikiti, na barua ya mwalimu wa darasa isiyo na muhuri huleta maswali yasiyo ya lazima. Kabla ya kuandika, mwulize katibu wa msikiti mgeni anaitwaje rasmi: Shehe, Ustadhi, Maalimu au Imamu. Wengine hawapendi kupewa cheo wasicho nacho, na wengine wataona wameshushwa.

> Shule ya Msingi …………,
> S.L.P. …………,
> TANGA.
>
> Kumb. Na. …………
> Tarehe …………
>
> Shehe …………,
> Imamu wa Msikiti wa …………,
> TANGA.
>
> Kupitia: Katibu, Kamati ya Msikiti wa …………
>
> Shehe,
>
> YAH: MWALIKO WA KUWAELEZA WANAFUNZI WA DARASA LA TANO KUHUSU MFUNGO WA RAMADHANI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> 2. Uongozi wa shule unakualika kuzungumza na wanafunzi wa Darasa la Tano siku ya Jumanne, tarehe …………, kuanzia saa 4:30 hadi saa 5:50 asubuhi, katika chumba cha darasa hilo. Darasa lina wanafunzi 58 wenye umri wa miaka 10 hadi 12, Waislamu na Wakristo.
>
> 3. Tunataka wanafunzi waelewe jinsi Waislamu wa mtaa wetu wanavyofunga Ramadhani na kusherehekea Idi, ili wote wajue namna ya kuishi vizuri na wenzao katika mwezi huo. Tunakuomba ueleze Waislamu wanaamini nini na wanatenda nini. Kwa kuwa shule ni ya umma na darasa lina watoto wa dini tofauti, tunaomba mazungumzo yasiwe mahubiri, yasilinganishe dini, na wanafunzi wasiombwe kushiriki ibada au dua.
>
> 4. Utaratibu utakuwa hivi: kukaribishwa dakika 5, maelezo yako dakika 20, maswali ya wanafunzi dakika 45, na shukrani dakika 10. Katika dakika 20 za mwanzo tungependa utueleze kazi yako ya uimamu na maandalizi ya msikiti kwa ajili ya Ramadhani. Mengine yataulizwa na wanafunzi.
>
> 5. Tumeambatisha maswali 12 yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe. Huhitaji kuyajibu kwa maandishi. Likiwepo ambalo ungependa lisiulizwe au libadilishwe, tafadhali tujulishe.
>
> 6. Ikiwezekana, njoo na ratiba ya Ramadhani inayobandikwa msikitini, pamoja na pishi au kibaba cha kupimia zaka ya fitri, wanafunzi wavione.
>
> 7. Mwalimu wa darasa atakuwepo darasani muda wote. Picha hazitapigwa bila idhini yako na ya wazazi. Shule haina fungu la posho, ila itarudisha nauli yako ya kuja na kurudi.
>
> 8. Tutashukuru kupata jibu kabla ya tarehe …………, kwa simu namba ………… au kupitia kwa mwalimu atakayeleta barua hii.
>
> Wako katika ujenzi wa Taifa,
>
> (Saini na muhuri)
> …………
> MWALIMU MKUU
>
> Kiambatisho: Maswali ya wanafunzi (ukurasa 1)
> Nakala: Afisa Elimu Kata

Aya ya tatu ndiyo ambayo walimu wengi huogopa kuiandika, wakidhani itamvunjia mgeni heshima. Uzoefu wa shule nyingi zenye watoto mchanganyiko ni kwamba viongozi wa dini huipokea vizuri ikiwa sababu imetajwa ndani yake. Sababu unayo, na ni ya kweli: Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 imeiweka kazi ya kutangaza dini katika hiari ya mtu binafsi, na mtoto aliyepo darasani kwako wakati wa vipindi vya kawaida hakuja kwa hiari. Hali ni tofauti na kipindi cha dini, ambapo watoto hugawanyika na kila kundi hufundishwa na mwalimu wa dini yake. Huko imamu anaweza kufundisha na kuombea atakavyo. Tofauti hiyo mwambie pia kwa mdomo unapopeleka barua, maana imamu huyo huyo huenda ndiye anayefundisha kipindi cha dini shuleni kwenu, na anaweza kudhani ameitwa kuendeleza kazi ile ile.

Sentensi mbili za mwisho za aya ya nne nazo usizifute. Mgeni aliyepewa maswali mapema mara nyingi hujiandaa vizuri kupita kiasi: anayajibu yote 12 katika maelezo yake ya mwanzo, kisha watoto wanasimama kuuliza mambo yaliyokwishajibiwa, na kipindi kinadorora. Ukimpa jambo mahususi la kuzungumza katika dakika zile 20, maswali yanabaki ya watoto.

Kuhusu vitu vya kuleta, nimeacha msahafu kwa makusudi. Ukiletwa, watoto 58 watataka kuugusa, na kuushika kuna masharti yake ya udhu na adabu. Imamu atalazimika ama kuwakataza au kukaa na wasiwasi. Akiamua mwenyewe kuuleta, ni uamuzi wake na atajua jinsi ya kuuonyesha. Kibaba na pishi hazina tatizo hilo, na zinafungua swali la 10 kuliko maneno: vibaba vinne ni pishi moja, zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo kwa kila kichwa, basi nyumba ya watu saba inatoa nini? Wape watoto wapige hesabu hiyo mbele ya mgeni.

Salamu za dini nimeziacha nje ya barua. "Assalaam alaykum" ni vizuri kuisema au kuiitikia mtakapokutana, lakini barua ya shule ya serikali ikitumia mtindo mmoja kwa imamu, mchungaji na padri, hakuna atakayeuliza kwa nini mwingine alisalimiwa hivi na yeye vile. Na kwa mchungaji tumia barua hii hii, ukibadilisha siku, mada na vitu vya kuleta. Idadi ya dakika isibadilike. Wazazi wanahesabu.

Ipeleke barua kwa mkono wiki tatu kabla, baada ya swala ya alasiri, ukiwa na nakala ya kusainiwa na atakayeipokea. Ukienda na wanafunzi wawili, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, mwaliko utaeleweka haraka zaidi. Mwalimu wa kike anaweza kuomba katibu atoke nje, na hakuna atakayeona ajabu. Kwa wazazi peleka taarifa ya sentensi tatu, angalau wiki moja kabla: nani anakuja, ataeleza nini, na kwamba asiyetaka mtoto wake ashiriki aseme, atapewa kazi nyingine katika chumba kingine. Mzazi aliyejua mapema huwa hana neno. Malalamiko hutoka kwa yule aliyesikia habari hiyo kwa mtoto jioni.

Siku moja kabla, mambo mawili. Piga simu kuhakikisha, na uulize wazi kama anakuja mwenyewe. Imamu akipata msiba wa kuuhudumia anaweza kumtuma ustadhi kijana ambaye hajaiona barua wala maswali. Ikiwa hivyo, omba mgeni huyo afike dakika 20 mapema, umpe nakala asome ofisini. Na darasani andika ubaoni maneno sita: saumu, daku, futari, tarawehe, zaka ya fitri, mwandamo. Watoto wa Kikristo wa Tanga wameyasikia maisha yao yote, lakini wengi hawawezi kuyatofautisha, na jibu lililojaa maneno hayo litawapita.

Hesabu ya muda niliyokuahidi ni hii. Katika dakika 45 za maswali, tenga 10 kwa maswali ya papo hapo yanayozaliwa na majibu. Zinabaki 35 kwa maswali 12, yaani dakika zisizofika tatu kwa kila moja, pamoja na mtoto kusimama, kujitaja na kuuliza. Teua waulizaji 12, wavulana na wasichana, wa dini zote mbili, bila kufuata mstari wa dini: ni vizuri swali la daku liulizwe na mtoto wa Kikristo, na lile la kula mbele ya rafiki usimlazimishe Mkristo pekee kulibeba, kwa kuwa Mwislamu asiyefunga kwa ugonjwa linamhusu vilevile. Teua na wawili wa akiba. Siku hiyo lazima mmoja atakosekana. Kila mtoto awe na swali lake kwenye kadi lakini alifanyie mazoezi mpaka aweze kumtazama mgeni usoni.

Mtunza saa awe mwanafunzi, akae mstari wa mbele na kadi mbili: "Dakika 5" na "Muda umekwisha". Mgeni aelezwe habari ya kadi hizo mapema, siku ya kupokea barua. Akionyeshwa kwa mara ya kwanza mbele ya watoto atafedheheka. Maelezo ya mwanzo yakipita dakika 25, simama wewe mwenyewe, shukuru, na umwite muulizaji wa kwanza kwa jina. Usimwachie mtoto kazi ya kumkatiza mtu mzima. Mgeni akianza kuingia katika mahubiri au kulinganisha, njia ni hiyo hiyo: subiri avute pumzi, sema "Shehe, hapo ndipo mwenzetu ana swali," na umwinue mtoto anayefuata. Orodha ya maswali ndiyo inayokupa haki ya kufanya hivyo bila ugomvi.

Baada ya hapo, ndani ya siku tatu, barua fupi ya shukrani iende ikiwa na sentensi chache za watoto wenyewe kuhusu walichojifunza. Zichague zenye jambo mahususi. "Nimejua kwamba pishi ni vibaba vinne" inatosha kabisa.

Na ikiwa imamu atajibu kwamba swali la nane liondolewe, liondoe bila kubishana, uweke la akiba mahali pake, kwa mfano: watoto wa hapa mtaani wanafanya nini usiku wa kuamkia Idi? Kisha mwambie mtoto aliyelitunga kwamba swali lake limeahirishwa kwa ombi la mgeni, asije akalirusha tena katika zile dakika 10 za papo hapo.